Somo: Kukagua ulinzi wa taarifa binafsi kwa kufuata nyayo za mteja mmoja mmoja

Ukaguzi mwingi wa ulinzi wa taarifa binafsi huanzia kwenye sera na kuishia huko huko. Mkaguzi huomba sera ya faragha, jedwali la muda wa kuhifadhi na utaratibu wa kushughulikia uvujaji, huona kwamba vyote vimetiwa saini, kisha huandika kwamba kampuni inatekeleza sheria. Somo hili linakwenda kinyume chake. Tutachagua wateja wachache, tuwafuate tangu siku waliyotoa ridhaa hadi siku ambayo taarifa zao zilipaswa kufutwa, na tuone kama faili lililowahi kuvuja liliwagusa. Mfano tutakaoutumia ni kampuni ya kubuni inayotoa huduma kwa malipo ya kila mwezi na kuwatumia wateja wake ujumbe wa matangazo.

Hatua ya kwanza: chukua sampuli kutoka upande sahihi

Ukiomba sampuli kwa afisa wa ulinzi wa taarifa, atakupa majina kutoka kwenye rejesta ya ridhaa, na kila jina utakalolipata humo bila shaka litakuwa na ridhaa. Hapo utakuwa umethibitisha tu kwamba rejesta ina vitu vilivyomo kwenye rejesta. Anzia kwenye mfumo unaotuma ujumbe: omba orodha ya namba zote zilizotumiwa matangazo katika kipindi unachokikagua, chagua mwenyewe wateja 30, kisha urudi nyuma kutafuta ridhaa ya kila mmoja. Ni kwa mwelekeo huo tu utamwona mtu aliyetumiwa ujumbe bila kuwahi kuombwa ridhaa. Ongeza wateja 10 waliofunga akaunti, kwa kuwa tutawahitaji tukifika kwenye muda wa kuhifadhi.

Hatua ya pili: soma rekodi ya ridhaa kama ushahidi

Neno «NDIYO» kwenye safu ya hifadhidata halithibitishi ridhaa. Rekodi inayotosha huonyesha ni nani aliyekubali, lini, kwa njia gani, kwa lengo gani, na maneno kamili aliyoyasoma wakati huo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo hukosekana mara nyingi, kwa sababu fomu hubadilishwa na toleo la zamani halitunzwi. Omba kila toleo la fomu pamoja na tarehe lililoanza kutumika, kisha ulilinganishe na tarehe za wateja wako.

Katika kampuni yetu ya mfano, mteja wa saba ana ridhaa ya tarehe 14 Machi iliyotolewa kupitia toleo la 3 la fomu. Toleo hilo lilianza kutumika tarehe 20 Aprili. Mtu hawezi kukubali maneno ambayo hayajaandikwa, kwa hiyo mojawapo ya tarehe hizo si ya kweli. Panua uchunguzi kwa kupanga rejesta nzima kwa saa ya kurekodiwa. Hapa tunakuta maelfu ya rekodi zenye tarehe ile ile ya 14 Machi, saa ile ile, dakika ile ile na sekunde ile ile. Watu hawabonyezi vitufe kwa pamoja namna hiyo. Hiyo ni alama ya mfumo wa zamani kuhamishiwa kwenye mpya, ambapo mtaalamu aliyehamisha alijaza «NDIYO» kwa kila aliyekuwa na akaunti, na baadaye rekodi hizo zikaunganishwa na toleo la fomu lililokuwa likitumika. Omba data ya mfumo wa zamani kabla hujahitimisha, kwani huenda ridhaa halisi zimo humo na kilichoharibika ni tarehe tu.

Tazama pia jinsi fomu ilivyokuwa. Kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya vema, ambacho mteja alitakiwa kukiondoa kama hataki, hakikubaliki chini ya Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya. Mahakama ya Haki ya Umoja huo ililiweka wazi jambo hilo katika shauri la Planet49, tarehe 1 Oktoba 2019.

Baada ya kutoa ridhaa, angalia kuiondoa. Swali la hifadhidata kama hili linatosha kwa kuanzia:

```sql
SELECT r.mteja_id, r.tarehe_kuondoa, u.tarehe_kutuma
FROM ridhaa r
JOIN ujumbe u ON u.mteja_id = r.mteja_id
WHERE r.lengo = 'matangazo'
  AND u.aina = 'matangazo'
  AND u.tarehe_kutuma > r.tarehe_kuondoa;
```

Majibu yake yachujwe kwa mkono, maana mteja aliyejiondoa kisha akajiunga tena atatokea humo bila kosa la mtu. Mteja wetu wa kumi na mbili alijiondoa tarehe 2 Agosti na hakurudi, lakini alitumiwa matangazo tarehe 9 na 16 Agosti. Rejesta ya kampuni ni sahihi kabisa. Kosa limetokea kwa sababu kampuni humpelekea mtoa huduma ya ujumbe orodha mpya mara moja tu kwa mwezi, tarehe 1. Kwa hiyo yeyote anayejiondoa tarehe 2 huendelea kutumiwa ujumbe kwa karibu mwezi mzima. Hoja ya ukaguzi iandikwe juu ya ratiba hiyo, kwa sababu ndiyo chanzo, na mteja wa kumi na mbili awe ushahidi wake.

Hatua ya tatu: tafuta kilichopaswa kuwa kimefutwa

Jedwali la kampuni linasema kwamba taarifa za mteja zifutwe miaka 2 baada ya akaunti kufungwa. Kabla ya kuuliza kama zinafutwa, uliza miaka 2 hiyo inahesabiwa kuanzia nini, na tukio hilo limeandikwa wapi. Kazi ya kufuta huendeshwa kila usiku, na logi zake zinaonyesha kwamba inakamilika bila hitilafu. Zisome kwa makini zaidi: kila usiku kwa miezi mingi imefuta rekodi 0. Kazi inayokamilika bila kufuta chochote katika kampuni inayopoteza wateja kila wiki ina tatizo.

Tukiwachukua wale 10 waliofunga akaunti, jibu linajitokeza. Wanne kati yao hawana tarehe ya kufunga. Wahudumu wa simu hubadilisha hali ya akaunti kuwa «imefungwa» bila kujaza tarehe, na mfumo hauwalazimishi kuijaza. Pasipo tarehe hakuna miaka 2 ya kuhesabu, na rekodi hizo hazitafutwa kamwe. Kwa wenye tarehe kuna kikwazo kingine: kazi husoma jina la safu lililobadilishwa mfumo ulipohamishwa.

Hifadhidata kuu ni sehemu moja tu. Tafuta pia lahajedwali zilizopakuliwa na idara ya masoko, viambatisho vya barua pepe na nakala zilizoko kwa mtoa huduma wa nje. Bakapu ni suala tofauti kidogo. Si rahisi kumfuta mtu mmoja ndani ya bakapu, na mimi siandiki hoja kwa hilo peke yake, ilimradi bakapu ina mzunguko unaojulikana wa kufutwa na kuna utaratibu ulioandikwa wa kurudia ufutaji kila inaporejeshwa. Usipokuwepo utaratibu huo, waliofutwa hurudi siku mfumo unapofufuliwa, na hakuna atakayegundua.

Hatua ya nne: pima saa ya uvujaji

Kanuni ya Ulaya, na vilevile Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, huweka saa 72 za kumjulisha msimamizi wa sheria tangu kampuni ilipofahamu uvujaji wenye hatari kwa wahusika. Soma sheria inayoihusu kampuni unayoikagua, kisha ushughulikie swali gumu zaidi, yaani saa hizo zilianza kuhesabiwa lini.

Usitegemee rejesta ya uvujaji peke yake. Chukua tiketi za dawati la msaada wa kompyuta na utafute maneno kama «nimetuma kimakosa», «laptopu imepotea» na «si faili langu». Katika mfano wetu, Ijumaa saa 10:40 jioni mfanyakazi alituma lahajedwali la wateja kwa mtu wa nje mwenye jina linalofanana na la mwenzake. Saa 11:05 jioni alifungua tiketi akieleza kila kitu. Tiketi ilisubiri mwisho wote wa juma, na rejesta inaonyesha kwamba uvujaji «ulifahamika» Jumatatu saa 4:00 asubuhi. Mfanyakazi aliyeripoti ni sehemu ya kampuni, na maelezo yake hayakuacha shaka juu ya kilichotokea. Saa 72 zilianza Ijumaa saa 11:05 jioni na zikaisha Jumatatu muda huo huo. Taarifa ilipelekwa Jumatano asubuhi, huku kila mtu akiamini kwamba imewahi.

Sasa fungua lahajedwali lenyewe. Lilikuwa na wateja 1,200, na 410 kati yao walikuwa wamefunga akaunti zaidi ya miaka 2 iliyopita. Kama kazi ya kufuta ingefanya kazi, watu hao 410 wasingeguswa. Ripoti inayoweka muda wa kuhifadhi katika sura moja na uvujaji katika sura nyingine, bila kuziunganisha kwa idadi hii, inamnyima mwenye kampuni jambo muhimu kuliko yote uliyoyagundua.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kampuni ninayoikagua ina fomu za ridhaa za wafanyakazi wote kwa ajili ya kuchakata mishahara. Je, nizihesabu kuwa ushahidi mzuri?

Jibu: Nizionavyo, ni ushahidi kwamba msingi wa kisheria umechaguliwa vibaya. Mfanyakazi hawezi kuondoa ridhaa hiyo na bado akalipwa mshahara, kwa hiyo hakuwa na uhuru wa kukataa. Mishahara huchakatwa kwa sababu ya mkataba wa ajira na matakwa ya sheria, kama ya kodi. Pendekeza rejesta ya uchakataji irekebishwe, na fomu hizo ziache kutumika.

Swali: Mteja ameomba asitumiwe tena matangazo, na pia afutwe. Tukimfuta kabisa, tutajuaje kwamba tusimtumie akiingia kwenye orodha nyingine kesho?

Jibu: Kampuni hubaki na namba au anwani yake peke yake kwenye orodha ya wasiotumiwa ujumbe, bila historia yake ya manunuzi wala maelezo mengine, na imweleze hivyo. Ukiikagua orodha hiyo, hakikisha kwamba inatumika kuchuja kila orodha kabla ya kutuma, na kwamba idara ya masoko haiwezi kuipakua.

Swali: Laptopu iliibiwa, lakini diski yake ilikuwa imesimbwa na nywila haikuvuja. Kampuni haikumjulisha msimamizi. Je, niandike hoja?

Jibu: Si kwa kutojulisha, kama hatari kwa wahusika kweli ilikuwa ndogo. Angalia mambo mawili: kwanza, uthibitisho kutoka mfumo wa usimamizi wa kompyuta kwamba usimbaji ulikuwa umewashwa kwenye mashine hiyo siku hiyo, maana kauli ya mtumiaji haitoshi, pili, kumbukumbu iliyoandikwa ya tukio na sababu za kutojulisha. Kumbukumbu hiyo ikikosekana, hoja ipo hata kama uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi.

Swali: Je, ninaruhusiwa kuweka majina ya wateja wa sampuli kwenye karatasi zangu za kazi?

Jibu: Weka namba ya mteja na tarehe zinazohitajika kuthibitisha hoja, na uache majina na namba za simu ndani ya mfumo wa kampuni. Picha za skrini zifunikwe sehemu zisizohusika kabla hazijahifadhiwa. Karatasi za kazi nazo ziwe na tarehe yao ya kufutwa, ambayo ukubaliane na kampuni kwenye barua ya kuanza kazi.