Jinsi ya kugundua faida ya kwenye karatasi ukisoma ripoti ya kampuni, hatua kwa hatua (mfano: Sunbeam 1997)

Wengi wakipata ripoti ya mwaka ya kampuni wanakimbilia faida na gawio, vikiwa vimepanda basi wananunua hisa. Mi naanzia kwa wadaiwa, yaani wateja waliochukua mzigo na hawajalipa. Faida inaweza kuandikwa tu, lakini hela ya mteja ama imeingia benki ama haijaingia. Nitatumia Sunbeam ya Marekani, walikuwa wanatengeneza majiko ya kuchomea nyama, blenda, blanketi za umeme na vitu kama hivyo, kwa sababu kesi yao ya kupika hesabu ilishaisha na namba zake ziko wazi.

Hatua ya 1: andika namba nne

Mauzo ya mwaka huu na mwaka jana, wadaiwa wa mwaka huu na mwaka jana. Mauzo yako kwenye taarifa ya mapato, wadaiwa wako kwenye mizania. Ila kwenye mizania mara nyingi wamechanganywa na malipo ya awali na mikopo ya wafanyakazi, kwa hiyo nenda kwenye noti, yaani yale maelezo ya nyuma ya ripoti, uchukue wadaiwa wa biashara peke yao.

Sunbeam mwaka 1996 waliuza dola milioni 984, na 1997 wakauza milioni 1,168. Wadaiwa wakatoka milioni 213 wakafika 296. Mauzo yamepanda asilimia 19, wadaiwa zaidi ya asilimia 38, yaani madeni yanakimbia mara mbili ya mauzo. Hapo tayari kuna kitu cha kuuliza.

Sasa geuza iwe siku, ili ujue mteja anachukua muda gani kulipa. Kwenye Excel weka mauzo B2 na wadaiwa B3, halafu andika:

```
=B3/B2*365
```

1996 inakuja siku 79, 1997 siku 92. Siku 13 zaidi ndani ya mwaka mmoja, kwa kampuni inayouzia maduka yaleyale makubwa, sio jambo dogo.

Hatua ya 2: tafuta wadaiwa waliofichwa

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na ndo muhimu kuliko zote. Kampuni inaweza kuuza madeni yake kwa taasisi ya fedha, inapewa hela sasa hivi, wale wadaiwa wanafutika kwenye mizania na siku zinaonekana nzuri. Fungua PDF, bonyeza Ctrl+F, tafuta maneno haya:

```
factoring
securitization
sale of receivables
```

Sunbeam mwishoni mwa Desemba 1997 waliuza madeni wakapata kama dola milioni 59. Ilikuwa imeandikwa, ila kwenye noti. Sasa zirudishe: 296 jumlisha 59 ni 355, piga hesabu upya unapata karibu siku 111. Kwa hiyo wateja hawakuchelewa siku 13, walichelewa zaidi ya mwezi mzima ukilinganisha na mwaka uliotangulia, na mtu aliyesoma mizania peke yake asingeliona hilo.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kumbe walikuwa wanawabembeleza wenye maduka waagize majiko ya kuchomea nyama katikati ya majira ya baridi, wanawapa diskaunti, wanaambiwa lipa baadaye, na mzigo wenyewe unabaki kwenye maghala kwa gharama ya Sunbeam. Vitabuni inaandikwa mauzo ya 1997, wakati jiko lenyewe litamfikia mchomaji nyama mwaka unaofuata. Yaani walikuwa wanakula mauzo ya kesho, na kweli robo ya kwanza ya 1998 mauzo yakashuka na kampuni ikatangaza hasara. Ndo maana ukishuku wadaiwa wa Desemba, subiri ripoti ya robo inayofuata uone kama hela imekuja au mauzo ndo yamedondoka.

Hatua ya 3: weka faida pembeni ya hela iliyoingia

Nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari wa hela kutoka shughuli za uendeshaji. Sunbeam walitangaza faida ya dola milioni 109, lakini uendeshaji ulitoa hela nje, kama milioni 8. Na humo ndani ile milioni 59 ya kuuza madeni imeshahesabiwa, ukiitoa ni milioni 67 zimetoka. Na sio wadaiwa tu, stoku nayo ilipanda kutoka 162 hadi 256.

Hatua ya 4: toa vitu vya mara moja

Kila kilichotokea mara moja kitoe kwenye faida: kuuza kiwanja au jengo, fidia ya bima, kupanda kwa thamani ya majengo. Mwishoni mwa 1997 Sunbeam waliingiza mapato ya dola milioni 11 kwa kuuza vipuri walivyokuwa navyo. Hiyo sio biashara ya kujirudia kila mwaka.

Ila angalia na hasara za mara moja, hapa wengi wanapigwa. Mwaka 1996 bosi mpya, Albert Dunlap, alipoingia, kampuni iliandika gharama kubwa mno za kupanga upya shughuli. Watu wakaona ni kusafisha nyumba. Kumbe sehemu yake ilikuwa imezidishwa makusudi, tume ya masoko ya mitaji ya Marekani (SEC) ilisema angalau dola milioni 35 za akiba zisizostahili, na akiba hiyo ikarudishwa 1997 kama faida. Kwa hiyo ukiona bosi mpya na hasara ya kutisha mwaka wake wa kwanza, mwaka wa pili tafuta kwenye noti ya provisheni, yaani akiba zilizotengwa kwa gharama zijazo, mstari wa kiasi kilichorudishwa, halafu kitoe kwenye faida.

Hatua ya 5: linganisha safu ya mwaka jana

Chukua ripoti mbili zinazofuatana. Namba za 2023 kwenye ripoti ya 2023 ziweke pembeni ya safu ya 2023 iliyoko ndani ya ripoti ya 2024. Zikitofautiana, juu ya safu utakuta neno `Restated` na noti ya maelezo. Isome noti yenyewe: kama ni kiwango kipya cha uhasibu kimeanza, kampuni nyingi zitakuwa nalo mwaka huohuo, sina shida nalo. Kama ni kusahihisha makosa, angalia faida iligeuka kwenda upande gani, na rudi miaka minne mitano nyuma uone ni mara ngapi. Marekebisho yanayoshusha faida karibu kila mara, mi hizo hisa sizigusi.

Sunbeam waliporekebisha 1998, faida ya 1997 ikatoka milioni 109 ikawa 38, na hasara ya 1996 ikapungua kutoka 228 hadi karibu 209. Unaona mwaka mmoja umekuwa mbaya zaidi na mwingine nafuu? Ile gharama iliyozidishwa 1996 imeondolewa. Dunlap alikuwa ameshafukuzwa Juni 1998, na 2001 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Mwisho, usitumie hesabu ya siku kwa benki na bima, na kwenye soko la Dar hizo ziko nyingi, wadaiwa wa benki ni mikopo na inasomwa kivingine kabisa. Na kampuni inayoidai serikali inaweza kuwa na siku nyingi bila udanganyifu wowote, hapo fungua noti ya umri wa madeni uone yaliyopita siku 90 ni kiasi gani na wametenga provisheni ya kutosha au la. Kama imenunua kampuni nyingine katikati ya mwaka pia siku zitaruka tu, maana imebeba wadaiwa wote lakini mauzo ya miezi michache.