Kapsheni ya tangazo yenye methali na vina: mfano wa viungo vya pilau

Kuna dada wa Tanga anauza viungo vya pilau kwa pakiti, na juzi tumeiandika kapsheni yake pamoja. Nawawekea hatua tulizopita.

1. Andika ofa kavu kwanza

Pakiti ya gramu 100 ni sh. 3,000, ukichukua 3 unalipa 8,000, mwisho Ijumaa saa 12 jioni. Basi.

2. Tafuta methali, kisha isome mpaka mwisho

Hapa usikimbie. Msomaji wa Kiswahili ukimpa nusu ya methali, nusu ya pili anaimalizia mwenyewe kichwani. Wauzaji wengi huandika "Chema chajiuza" wakaona wamepatia, kumbe mwenzao keshamalizia: "kibaya chajitembeza". Na tangazo ni nini kama si kujitembeza? Umejisema mwenyewe. Vivyo hivyo, ofa inayoisha Ijumaa haikai na "Haraka haraka haina baraka", kwa sababu methali inamwambia mteja atulie wakati wewe unamtaka aje leo.

Mimi napendelea methali inayogusa bidhaa yenyewe kuliko ile ya kusifia biashara. Kwa viungo tulichukua "Mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali". Mpishi yeyote anaielewa: mchele sote tunanunua sokoni, tofauti iko kwenye chungu. Bidhaa imesifiwa bila kujisifu.

3. Ongeza mstari mmoja wa vina

Hesabu mizani kwa kidole. "Mchele ni mmoja" ina 7, "mapishi mbalimbali" nayo 7. Vina ni *ja* katikati na *li* mwishoni. Tukaufuata:

*Mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali,*
*Jirani atakuja, apakuliwe wali.*

Tungeweza kumalizia kwa "mbali", lakini neno hilo tayari limo ndani ya "mbalimbali", na kina cha kurudia neno kinasikika kivivu. Mstari mmoja unatosha. Ukifika wa nne limekuwa shairi na ofa imezama.

Bei, tarehe na mahali visiingie kwenye vina kamwe. Kina kitakulazimisha kuandika "njoo mapema" palipotakiwa "Ijumaa saa 12".

4. Panga

Instagramu kwenye simu hukata kapsheni ndefu, mengine hujificha nyuma ya "zaidi". Kwa hiyo ofa ifuate vina papo hapo, kabla ya maelezo ya karafuu na iliki:

*Viungo vya pilau: pakiti 3 kwa sh. 8,000, mwisho Ijumaa saa 12 jioni.*

Alama za reli ziende chini kabisa.

5. Jaribu

Msomee mtu mara moja, funga simu, muulize: bei gani, mpaka lini? Akikurudishia methali tu, fupisha maneno ya ofa, na bei iandike pia juu ya picha.