Sura ya nne isiyorudishwa: kujenga dhamira moja kuanzia nukuu hadi mjadala

Kazi yangu hapa Moshi ni kusoma rasimu za tasnifu za uzamili kabla hazijapelekwa kwa msimamizi, nyingi zikiwa za walimu wanaosoma huku wanafundisha. Sura inayonichosha ni ya nne, ya matokeo. Unakuta kichwa "Changamoto za lugha", chini yake nukuu tatu zimeanikwa kama nguo kwenye kamba, kisha sentensi moja: "Hii inaonesha kuwa lugha ni changamoto." Msimamizi akifika hapo huandika pembeni neno moja: "Kwa hiyo?"

Nitaijenga dhamira moja tu, mwanzo hadi mwisho. Tuseme utafiti unahusu ukimya darasani wa wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule mbili za kata, Moshi Vijijini. Wanafunzi wanane wamezungumza katika vikundi viwili, na walimu wanne wamehojiwa mmoja mmoja. Maneno ya washiriki nimeyatunga kwa ajili ya mfano huu. MF ni mwanafunzi, MW ni mwalimu.

Hatua ya 1: Geuza kichwa kuwa dai

Karibu kila rasimu inawataja Virginia Braun na Victoria Clarke na hatua zao sita za uchambuzi wa kidhamira za mwaka 2006. Inawataja sura ya tatu, inawasahau sura ya nne. Wao wanasema dhamira haijitokezi yenyewe kwenye data kama uyoga baada ya mvua. Mtafiti ndiye anayeijenga. Kwa hiyo futa ile "dhamira zilizojitokeza ni hizi zifuatazo".

"Changamoto za lugha" ni kapu. Unaweza kutia chochote humo na hakuna atakayekupinga, na hiyo ndiyo dalili kwamba hujasema kitu. Rudi kwenye misimbo yako, yale majina mafupi uliyoyapa vipande vya maneno ya washiriki. Katika mfano wetu ipo minne: kutafsiri kimoyomoyo, kuogopa kuchekwa, jibu kuchelewa, mwalimu kugeukia Kiswahili. Jiulize inasema nini ikikaa pamoja. Dai la kwanza linaweza kuwa hili: *Wanafunzi hukaa kimya kwa sababu Kiingereza chao hakijatosha kubeba wanachokijua.* Sasa kuna sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. Iandike kwa penseli, maana itabadilika.

Hatua ya 2: Nukuu iingie ikiwa imeshikwa mkono

Kabla ya nukuu, mwambie msomaji nani anasema na katika hali gani. Baada yake, zungumzia maneno yenyewe. Usirudie alichosema mshiriki kwa maneno yako.

> "Jibu ninalo. Ila nikilitafuta kwa Kiingereza, mwalimu ameshampa mwenzangu. Na nikikosea wanacheka, basi nakaa." (MF3, kikundi cha 1)

Rasimu dhaifu itaandika: "MF3 alieleza kuwa anaogopa kuchekwa." Hilo tumeshalisoma. Uchambuzi unaweza kuwa hivi:

> MF3 anatenganisha kujua na kusema: jibu "analo", kinachokosekana ni muda wa kulivusha hadi lugha nyingine. Lakini sentensi ya mwisho inaleta sababu isiyo ya muda wala msamiati. Neno "basi" linaonesha uamuzi: ameshapima hasara ya kukosea mbele ya wenzake, akachagua ukimya.

Kuna kipimo ninachokitumia. Funika nukuu zote kwa karatasi, usome maneno yako peke yake. Yakibaki "mshiriki mwingine alisema", "vilevile mwingine aliongeza", hapo hakuna uchambuzi, kuna gundi tu.

Halafu hesabu umemnukuu nani mara ngapi. Kila kikundi kina msemaji wake, na ni rahisi sura nzima ikawa ya MF3. Ila usiandike "asilimia 75 ya wanafunzi walisema" ukiwa na watu wanane, tena waliokuwa wakisikilizana.

Hatua ya 3: Mtafute anayekuharibia dai

Hapa ndipo wengi wanapokimbia, na hapa ndipo sura inaponoga. Pitia unukuzi wote ukimtafuta asiyekubaliana nawe. Katika mfano wetu wapo wawili. MW2 anasema: "Wale wa kimya ni wavivu. Aliyesoma ananyoosha mkono." Huyu si tatizo kubwa. Anausoma ukimya kwa jicho la aliyesimama mbele ya darasa, na tofauti kati ya anachokiona yeye na anachokieleza MF3 ni tokeo lenyewe, iandike.

Wa pili ndiye mgumu:

> "Mimi nimetoka Inglishi midiamu, naelewa. Lakini nikijibu sana wananiita mzungu, kwa hiyo nasubiri wengine kwanza." (MF7, kikundi cha 2)

Huyu Kiingereza anacho na bado ananyamaza. Dai letu la penseli limevunjika. Ukimficha, mtahini makini atamkuta kwenye viambatisho. Ukimweka, dai linakua: *Ukimya ni namna ya kujikinga mbele ya wenzako, kwa asiyekijua Kiingereza na kwa anayekijua.* Hili linawabeba MF3 na MF7 pamoja, nalo ndilo linalokuwa kichwa cha sehemu.

Hatua ya 4: Tafsiri bila kumwibia mshiriki

Tasnifu nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza ilhali mahojiano ni ya Kiswahili. Changanua kwenye Kiswahili, utafsiri mwisho, na uweke maneno asilia pamoja na tafsiri. Tazama "basi nakaa". Mtafsiri wa haraka ataandika kwamba mwanafunzi anaketi kitini, na ule uamuzi wote tuliouona unapotea. Mpe mwenzako asome Kiswahili na tafsiri yake. Atakapokunja uso, rekebisha.

Hatua ya 5: Mjadala uanze pale matokeo yanapoishia

Vyuo vingine vinataka matokeo na mjadala sura moja, vingine mbili. Fuata mwongozo wa chuo chako. Vyovyote vile, mjadala haurudii nukuu. Unauliza: maarifa yaliyopo yanalielezea dai langu kwa kiasi gani, na yanakwama wapi?

Mtafiti wa elimu ya lugha mbili, Jim Cummins, alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma, akionesha kuwa ya pili huchukua takribani miaka 5 hadi 7 kukomaa. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi nzima, Kiingereza kikiwa somo tu, anafika kidato cha kwanza safari hiyo ikiwa mbichi. Hapo MF3 anaeleweka. Tafiti za mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kuhusu lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, nazo zinamuunga mkono.

Lakini Cummins hamwelezi MF7. Rasimu nyingi huandika "matokeo haya yanakubaliana na Cummins" na kuhamia aya inayofuata. Wewe sema wazi: maelezo ya umilisi wa lugha yanatosha kwa sehemu ya kwanza ya dai, ila sehemu ya pili inahitaji maelezo ya mahusiano ya rika darasani. Aya hiyo moja ndiyo mchango wako. Kisha weka mpaka: ni shule mbili, na MF7 ni mmoja. Unaweza kusema ukimya wa namna hii upo. Huwezi kusema umeenea.

Hatua ya 6: Usafi wa mwisho

Maneno ya washiriki hayaingii kwenye orodha ya marejeleo. Kwa mtindo wa APA, nukuu ya maneno 40 au zaidi hujitenga kama aya yake.

Halafu angalia vitambulisho. Kuna rasimu niliyoipitia iliandika "mwalimu wa kike wa Fizikia, shule B", na kata ikatajwa ukurasa wa pili. Shule za kata nyingi zina mwalimu mmoja wa Fizikia, kama yupo. Jina lilikuwa limefichwa, lakini mkuu wake angemjua kabla hajamaliza sentensi. Tulibakiza "MW4", tukaondoa somo na jinsia, na hoja haikupungua hata neno.