2048: Lile kubwa likae kona

Juzi nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga nacheza 2048, ile gemu ya kusukuma vigae vya namba ili zinazofanana ziungane, 512 yangu iko kona ya chini kushoto, pembeni yake 128, 64, alafu tupu. Nikasukuma kulia kizembe, 512 ikahama, 2 ikazuka palepale kona, basi nikaikalia ile 2 hadi Sengerema, gemu ikafa.

Kona ina majirani wawili tu, katikati wanne, so kubwa likikaa kati linakata njia na vidogo havikutani. Sukuma chini na kushoto, kulia usiguse mpaka mstari wa chini ujae namba zisizofanana zikipakana, hapo mstari hausogei. Kusukuma juu ni pale umebanwa kabisa, na ukipanda shuka hapohapo, ingawa 2 inaweza kukuwahi.