Kuwasilisha ramani ya bidhaa: kutenganisha kazi iliyoahidiwa na matarajio

Mwongozo huu unamhusu meneja wa bidhaa anayejiandaa kuwaeleza wadau kitakachotengenezwa katika wiki 12 zijazo. Mfano nitakaoutumia ni programu ya simu ya mawakala wanaonunua dagaa kwenye mialo ya Mwanza na visiwa vya Ukerewe. Mapendekezo yako matano: kurekodi ununuzi pasipo mtandao, kuondoa rekodi zinazojirudia, risiti kwa ujumbe mfupi, malipo kwa simu, na mikopo inayotolewa kwa kuangalia historia ya mauzo.

Hatua ya kwanza: pima kila pendekezo kabla ya kuandaa slaidi. Jiulize kama watu watakaoifanya kazi hiyo wanajulikana na wana nafasi, kama ukubwa wake umekadiriwa na wasanidi wenyewe, na kama hakuna uamuzi wa nje unaosubiriwa. Jibu moja la hapana linatosha kuliweka pendekezo upande wa matarajio, hata kama mkurugenzi analipenda. Katika mfano wetu, malipo kwa simu yanasubiri mkataba na kampuni ya simu, na mikopo inasubiri uamuzi wa mkopeshaji. Kwa hiyo yote mawili ni matarajio.

Yaliyobaki yapimwe kwa nguvu iliyopo. Wasanidi watatu kwa wiki 12 ni sawa na wiki 36 za kazi ya mtu mmoja, na mimi hutenga takriban 10 kati ya hizo kwa ajili ya hitilafu na msaada kwa watumiaji. Ikiwa kurekodi pasipo mtandao kunahitaji wiki 12, kuondoa marudio 6 na risiti 5, jumla ni 23 kati ya 26. Wiki tatu zinazosalia usizijaze kwa ahadi nyingine, kwa sababu kazi inayohusu mtandao hafifu huzidi makadirio mara nyingi kuliko inavyopungua.

Hatua ya pili: tumia slaidi mbili. Ya kwanza ibebe kazi zilizoahidiwa pamoja na tarehe zake. Ya pili ibebe matarajio bila tarehe yoyote, na mbele ya kila tarajio andika sharti litakaloliingiza kwenye ahadi. Kutofautisha kwa rangi pekee hakutoshi, kwani wadau hupiga picha slaidi na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, ambako maelezo ya rangi hayafiki. Ndiyo maana maneno "Bado haijaahidiwa" yanapaswa kuandikwa ndani ya kila kisanduku cha slaidi ya pili.

Hatua ya tatu: eleza mpangilio kwa sababu ambazo wadau wanaweza kuzihakiki. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Wakala aliye kisiwani huhifadhi rekodi kwenye simu na kuituma mtandao unaporudi. Mawasiliano yakikatika kabla simu haijapokea uthibitisho, rekodi ileile hutumwa tena, na mzigo mmoja huonekana kuwa miwili. Dawa yake ni simu kuipa kila rekodi namba ya pekee wakati inapoandikwa, ili seva iitambue ikija mara ya pili. Risiti zikitangulia kazi hiyo, muuzaji atapokea risiti mbili kwa mzigo mmoja, na historia ambayo mkopeshaji angeitegemea itakuwa imeharibika tangu mwanzo.

Sababu nyingine inatoka ziwani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo mawakala wana nafasi ya kufundishwa. Mwezi mpevu hurudi baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo toleo la programu likichelewa wiki moja tu na kuzikosa siku hizo, mafunzo yanaweza kusogea karibu mwezi mzima. Liseme hilo waziwazi unapoonyesha tarehe. Ongeza pia kwamba programu itapimwa kwa mzigo halisi giza litakaporejea, si wakati wa mafunzo.

Hatua ya nne: jiandae kwa swali la "lini?". Mwenye mitumbwi akiuliza, "Meneja, mikopo tuitegemee mwezi gani?", usitaje mwezi wa kumridhisha, maana anaweza kuagiza nyavu kwa kuutegemea. Jibu linalofaa ni hili: "Mzee wangu, mwezi siwezi kuutaja. Mkopeshaji akiridhia na rekodi zikiwa safi, tutaikadiria kazi hiyo na kuwaletea tarehe."

Hatua ya tano: tuma muhtasari siku hiyohiyo, ukiwa na slaidi zote mbili na tarehe ya toleo la muhtasari huo. Baadaye, kazi ikihama kutoka ahadi kwenda matarajio, andika sababu kando yake, kisha wapigie simu watakaoathirika kabla hujatuma toleo jipya la muhtasari kwa wote. Mnunuzi wa Kirumba, Mwanza, aliyekwisha kuwaambia wateja wake kuhusu risiti anahitaji muda wa kuzungumza nao upya.