Kituo cha umeme kinapigika au hakipigiki? Hatua ninazopitia mimi

Kazi yangu ni kumshauri kamanda kisheria kabla hajaidhinisha shambulio, na faili linalonisumbua kuliko yote ni la mtambo wa umeme. Mtu anakuja anasema "jeshi la adui linatumia umeme wa hapo, kwa hiyo ni shabaha halali, tupige". Hapana, hapo ndo kwanza tunaanza.

Tuchukue mfano. Kuna kituo cha megawati 200, kinalisha mji mzima pamoja na makao makuu ya rada za adui, na rada zinakula megawati 6 tu.

Hatua ya kwanza ni ibara ya 52 ya Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva. Ina maswali mawili na lazima yote yajibiwe ndiyo: je, hicho kitu kinachangia kwa vitendo shughuli za kijeshi, na je, kukiharibu kwa hali ilivyo leo kunaleta faida ya kijeshi iliyo bayana? Watu wengi wanaishia swali la kwanza, wanaona waya umeingia kambini basi wanagonga muhuri. Mimi swali la pili ndo nalikalia sana, namuuliza mtu wa intelijensia hizo rada zina jenereta? Zina mafuta ya siku ngapi? Akinijibu jenereta zipo na mafuta ni ya wiki 3, wakati operesheni yetu ni ya siku 2, basi faida haipo, rada zitawaka vilevile na mji ndo utakaa gizani, faili nalirudisha. Akinijibu jenereta zimekufa, tunaendelea.

Na usiandike kwamba faida ni "kuvunja moyo wa raia" au "kuibana serikali ikubali mazungumzo", hiyo sio faida ya kijeshi hata uipambe vipi.

Kesi halisi ya kusoma ni ya Hirgigo, Eritrea, kituo kilichopigwa na ndege za Ethiopia mwezi wa 5 mwaka 2000 kikiwa bado kinajengwa, karibu kimalizike. Tume ya Madai ya Eritrea na Ethiopia mwaka 2005 ilisema kwa wingi wa kura kilikuwa shabaha halali kwa sababu kilikusudiwa kulisha Massawa, ambako kuna bandari na kituo cha jeshi la majini, ila msuluhishi mmoja akapinga. Mimi naona huyo aliyepinga ana hoja nzito, maana kituo ambacho hakijaanza kulisha mtu kinachangia vita gani leo?

Hatua ya pili ni uwiano, yaani madhara kwa raia yasipite kiasi ukilinganisha na faida unayoitarajia. Hapa kosa kubwa ni kuhesabu walinzi na mafundi waliomo ndani ya uzio peke yao. Fuata waya hadi mwisho: umeme ukikatika pampu za maji zinasimama, maji taka hayasafishwi, watu wanakunywa machafu, hospitali inategemea jenereta nayo mafuta yanaisha. Iraq baada ya mashambulio ya 1991 ilionekana hivyohivyo. Kwa hiyo naomba ramani ya nani analishwa na laini ipi, na muda wa kutengeneza, kwa sababu giza la siku 2 na giza la mwaka sio kitu kimoja.

Huo muda unategemea umepiga wapi, na ndo hatua ya tatu, ibara ya 57, inayokutaka uchague njia ya kupiga yenye madhara madogo kwa raia. Turbaini na transfoma kubwa ni vitu vinavyoagizwa, vinatengenezwa kwa miezi mingi. Waya ni kazi ya siku chache. Kwenye mfano wetu, kama rada zina laini yao inayotoka kwenye kituo kidogo cha kupozea umeme, piga laini hiyo, rada zinazima na mji unabaki na taa. Nikikuta njia hiyo ipo na mpango bado unalenga jumba la turbaini, sisaini. (Kama mtambo ni wa nyuklia, au shabaha ni bwawa, kuna ibara ya 56 yenye masharti makali zaidi, usipite na hizi hatua tu.)

Hatua ya mwisho inasahaulika: nani ataangalia dakika za mwisho? Sheria inataka shambulio lisitishwe hali ikibadilika. Tarehe 12 Aprili 1999 ndege ya NATO ililenga daraja la reli la Grdelica, Serbia, treni ya abiria ikaingia darajani bomu likiwa tayari angani. Rubani akaachia la pili akilenga upande mwingine wa daraja, nalo likaipata treni, watu wasiopungua 10 wakafa. Kamati iliyoundwa na mwendesha mashtaka wa mahakama ya kimataifa ya iliyokuwa Yugoslavia ilikubali daraja lilikuwa shabaha halali, ikashauri kusifanyike uchunguzi, ila kuhusu bomu la pili wajumbe wenyewe hawakukubaliana. Ndo maana kwenye fomu yangu naandika kila bomu kwa mstari wake, na kabla ya la pili lazima mtu aangalie upya kuna nini pale chini.