Jinsi ya kuandika barua ya Mama Nwoye kwa mwanawe

Barua ya mhusika, yaani ile unayoiandika kana kwamba wewe ndiye mtu wa ndani ya riwaya, huharibika mapema, kabla hata kalamu haijagusa karatasi, pale mwandishi anapochagua mhusika ambaye riwaya imekwisha kumsema. Katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, *Things Fall Apart*, ile ambayo Bukavu tunaisoma zaidi kwa Kifaransa kwa jina la *Le Monde s'effondre*, wengi humkimbilia Okonkwo, mhusika mkuu. Lakini hofu ya Okonkwo ya kuonekana dhaifu imeelezwa tangu kurasa za mwanzo. Barua yake itarudia tu.

Mchukue mke wake mkubwa. Hana hata jina. Anaitwa mama wa Nwoye, jambo ambalo kwetu halimshangazi mtu, maana mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Usimbunie jina. Barua itiwe sahihi "mama yako", basi.

Hatua ya 1: tafuta mahali anaponyamaza

Andika namba za sura, usiandike za kurasa, kwa sababu nakala tunazoazimana na zile za fotokopi hazilingani. Sura ya 2: Ikemefuna, mvulana aliyetolewa na kijiji kingine kama fidia, analetwa nyumbani kwa Okonkwo, mama anauliza kama mtoto atakaa nao muda mrefu, anakemewa, haulizi tena. Sura ya 4: mtoto anakataa chakula, Okonkwo anamsimamia kwa fimbo hadi ameze, kisha mtoto anatapika nyuma ya nyumba, na mama anamwekea mikono kifuani na mgongoni. Sura ya 7: Nwoye anakuja kumwambia mama kwamba Ikemefuna anarudishwa kwao. Mama anauachia mchi aliokuwa akisagia pilipili, anakunja mikono kifuani, anamwonea huruma mtoto kwa maneno mawili tu. Hapo ndipo pa kuingilia. Riwaya haisemi kama alijua kwamba safari ile haikuwa ya kurudi nyumbani, bali ya kwenda kuuawa.

Hatua ya 2: tenga alichokiona na asichoweza kukijua

Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja weka aliyoyaona au kuyasikia: mambo ya hapo juu, kipigo cha Nwoye alipotoka kanisani Mbanta, kijiji walikoishi uhamishoni, na kuondoka kwake. Upande wa pili weka yale ambayo msomaji anayajua lakini mama hayajui. Hakuwa msituni, kwa hiyo hawezi kuandika kilio cha mwisho cha Ikemefuna, wala kusimulia nani alishika panga. Pia hajui kwamba moyoni mwa Nwoye kitu kilikatika kama upinde uliovutwa mno. Hayo aliyajua msimulizi peke yake. Makosa mengi ya zoezi hili yanatoka hapa, na dalili yake ni rahisi: mama anaanza kusema maneno mazuri kupita kiasi.

Hatua ya 3: chagua usiku mmoja

Sura ya 16 inatupa usiku mzuri. Obierika, rafiki wa Okonkwo, amekuja Mbanta baada ya kumwona Nwoye kwa wamisionari huko Umuofia, kwao Okonkwo. Okonkwo hataki kumzungumzia mwanawe, na vipande vya habari Obierika anavipata kwa mama. Kwa hiyo tunajua kwamba mama alisema kitu. Hatujui alibakiza nini.

Kuna tatizo la kweli: mama hajui kuandika, na Obierika ni rafiki wa mumewe, hawezi kubebeshwa siri ya namna hii. Usilifiche tatizo kwa kumleta karani wa kubuni. Liseme mwanzoni mwa barua kwa sentensi mbili, uendelee.

Hatua ya 4: andika, bila kutaja hisia

Lenga ukurasa mmoja wa daftari, maneno kama 150. Maneno kama huzuni, uchungu, majuto na upendo yasionekane. Hisia iwe moja, na iwe ile isiyotarajiwa: mama hamlaumu Okonkwo, anajilaumu mwenyewe kwa kunyamaza. Mfano:

> Mwanangu Nwoye,
>
> Obierika anaondoka alfajiri. Yeye nimempa salamu tu, maana ni rafiki wa baba yako. Haya mengine nayasema peke yangu huku nikimfungia viazi vya njiani.
>
> Hapa wanasema ulituacha kwa ajili ya wale wageni na nyimbo zao. Mimi nasema ulianza kutoka siku uliyokuja kuniambia kwamba Ikemefuna anarudi kwao. Mchi ulinitoka mkononi. Wewe ulidhani ni kwa kuwa anatuacha. Nilijua, Nwoye. Nilijua, nikakunja mikono.
>
> Mtoto yule nilimshika kifua na mgongo akitapika. Majuma matatu ya soko hakuinuka. Siku aliyoletwa niliuliza swali moja, nikakemewa, sikuuliza tena. Miaka mitatu sikuuliza. Na siku ile sikuuliza.
>
> Pilipili ile sikuimaliza. Niliimwaga nyuma ya nyumba, mkala mchuzi usio na pilipili, na hakuna aliyesema kitu.
>
> Wadogo zako bado wanataka hadithi ya yule ndege aliyeshindana mieleka na dunia nzima. Nikifika anapoangushwa na paka nanyamaza kidogo, kama zamani, ili mtu aulize. Hakuna anayeuliza.
>
> Mama yako

Pilipili iliyomwagwa haimo katika riwaya, lakini haipingani nayo, kwa kuwa inaanzia kwenye mchi ulioachiwa. Hicho ndicho kipimo cha kubuni: kitu kipya kikue kutoka kwenye kitu kilichoandikwa. Ungeandika kwamba mama alikimbilia njiani kumzuia Ikemefuna, ungekuwa umeanza riwaya nyingine. Hadithi ya ndege na paka nayo ni ya kweli. Ni mojawapo ya zile ambazo Nwoye alizipenda kwa mama yake hata baada ya kulazimika kujifanya hazipendi.

Angalia "majuma matatu ya soko". Juma la Waigbo lina siku 4, kwa hiyo ni siku 12. Ukiandika siku 21 kwa mazoea ya juma letu, umekosea.

Hatua ya 5: safisha Bukavu na Kifaransa

Soma upya ukitafuta vitu vya kwetu vilivyojipenyeza. Sombe hutokea mara nyingi, na ziwa. Jikoni mwa mama huyu mna viazi vikuu, pilipili na mawese; mawese tunayo sote, hayo yabaki. Toa pia methali za ubaoni. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" humfanya mama azungumze kama mwalimu wa darasa la tano.

Kisha sikiliza sentensi. "Mpendwa mwanangu, ninakuandikia barua hii ili kukuambia kwamba" ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Mama wa kwetu anaita jina, halafu anaingia katika habari. Maneno ya mtaani kama "iko" na "beko" mimi ningeyaacha nje, si kwa sababu ni mabaya, ila kwa sababu yanamhamishia mama katika mtaa wa Kadutu hapa Bukavu papo hapo, na msomaji atacheka mahali pasipo pa kucheka.

Mwishowe mpe mtu ambaye hajaisoma riwaya aisome barua kwa sauti, kisha umuulize swali moja: mama huyu anajilaumu kwa nini? Akijibu kwamba alijua akanyamaza, barua imefika. Akijibu tu kwamba anamkumbuka mwanawe, rudi kwenye aya ya mchi, kwa sababu hapo ndipo umeifanya kauli iwe laini mno.